"Hapa koleo ni mimi?": Namna ya kumwandikia barua mfanyakazi unayempunguza

Barua yangu ya kwanza ya kumpunguza mtu kazini niliianza kwa methali. Niliona ndiyo ustaarabu: mtu anapewa habari nzito, basi yatangulie maneno ya busara. Nikaandika juu kabisa, kwa herufi nene, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Aliyepewa alikuwa mtunza stoo, mtu mzima wa kunizaa. Aliisoma mbele yangu, akavua miwani, akaniuliza bila hasira hata kidogo: "Bosi, samahani. Hapa koleo ni mimi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu kwa nilivyoiandika koleo alikuwa yeye. Chombo kimevunjika, kitatupwa, na uhunzi unaoendelea ni wa kampuni. Mimi nilidhani nimemfariji, kumbe nimemwambia tutaendelea vizuri tu bila wewe.

Miaka ilipita kabla sijaitumia tena methali ile ile, kwa mtu mwingine na mahali pengine, na safari hiyo ilikaa. Nitaeleza nilivyofanya hatua kwa hatua, kwa sheria za Tanzania bara, maana huko ndiko nilikofanya kazi. Kisa ni cha fundi wa mashine ya ofseti katika kiwanda kidogo cha uchapaji Dar es Salaam. Jina lake naliacha. Kiwandani wote tulimwita Fundi, na inatosha.

Hatua ya 1: Barua isiwe ndiyo habari

Mtu akisikia kwa mara ya kwanza kwenye barua kwamba anapunguzwa, umeshakosea, hata kama barua ni nzuri kama shairi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inakutaka utoe taarifa ya kusudio mara tu unapofikiria kupunguza, uwape wahusika taarifa zote zinazohitajika, kisha mshauriane. Mashauriano hayo yana mambo yake: sababu za kupunguza, njia za kuepuka au kupunguza athari, namna ya kuchagua nani aondoke, lini, na kiinua mgongo. Kama kuna chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa hapo kazini, unakaa nacho. Msipokubaliana, suala linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na katika siku 30 za usuluhishi huruhusiwi kumwondoa mtu.

Kosa la kawaida ni meneja kuitisha kikao huku barua zimeshachapwa na kuwekwa droo ya chini. Wafanyakazi hulijua upesi. Tarehe ya barua inakuwa ya siku ile ile ya kikao, au maneno yaliyosemwa kikaoni hayaonekani popote ndani ya barua. Kwa Fundi na wenzake wawili tulikaa mara mbili, tarehe 5 na tarehe 19 Agosti. Barua niliiandika baada ya hapo, tarehe 2 Septemba, na ndani yake nikaweka walichopendekeza na kilichotokea kwa mapendekezo hayo.

Hatua ya 2: Amua methali inamsema nani

Hapa ndipo pa kutumia muda. Kabla hujaiandika methali kwenye barua, chukua karatasi chakavu uandike sentensi mbili. Ya kwanza: kilichovunjika ni nini hasa. Ya pili: kinachobaki ni cha nani. Kwa Fundi niliandika hivi: "Koleo ni kitengo cha ofseti. Uhunzi ni wa Fundi, si wa kiwanda." Kwa mtunza stoo nisingeweza kuandika sentensi ya pili kwa uaminifu, maana sikuwa najua anachokiweza zaidi ya kutunza stoo yetu. Sikuwahi kumuuliza. Methali ile haikumfaa kwa sababu mimi sikumjua, na hapo dawa ni kuiacha.

Halafu jiulize methali hiyo ni ya nani kwa mazoea. Fundi ndiye aliyekuwa akiisema yeye. Rola ikipasuka katikati ya kazi, na spea haipatikani mpaka kesho, vijana wakianza kukata tamaa, yeye anafuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na kusema, "Koleo limevunjika, wahunzi tupo." Kisha anafunga rola ya zamani aliyokuwa ameihifadhi nyuma ya rundo la karatasi. Kwa hiyo nilipoitumia sikuwa namhubiria. Nilikuwa namrudishia maneno yake. Ukipata neno ambalo mtu mwenyewe hulisema, lina nguvu kuliko methali kumi za kwenye kalenda.

Pia angalia kama neno linaeleweka. Siku hizi kijana ukimtajia koleo anafikiria lile la kuchotea mchanga na zege, na methali inampotea. Koleo la mhunzi ni lile la kushikia chuma chekundu kilichotoka motoni. Bila hilo, mhunzi ana nyundo na fuawe lakini hana namna ya kukishika chuma. Fundi alilijua. Kwa kijana wa mashine ya dijitali labda ningetafuta neno lingine.

Jaribio ni rahisi. Msomee mtu wa nje ile aya ya methali peke yake, bila jina wala malipo, umuulize: koleo ni nani hapa? Akisita, aya bado. Akisema "ni huyo anayeondoka", ifute yote.

Na methali iwe moja. Nimeona barua yenye "kila lenye mwanzo lina mwisho", ikafuatiwa na "riziki ni mafungu saba", ikamalizwa na "Mungu akifunga mlango hufungua dirisha". Ile ya kwanza inamwambia mtu kwamba kupoteza kazi ni jambo la kawaida kama jua kutua. Hizo mbili zinamsukumia Mungu uamuzi ulioufanya wewe ofisini, na mpokeaji anajua hivyo.

Hatua ya 3: Habari iwe sentensi ya kwanza

Baada ya yule mtunza stoo nilijifunza kwamba methali haikai juu. Juu inakaa habari: ajira inakoma, tarehe fulani. Mtu anayepokea barua ya namna hii hasomi, anatafuta. Macho yanakimbia yakisaka neno moja. Ukimzungusha kwa "Menejimenti inapenda kukushukuru kwa mchango wako" anasoma aya nzima moyo ukienda mbio, na shukrani yako anaichukia hata kabla hajaielewa.

Andika "mimi" pale ulipoamua wewe. Menejimenti haina uso, wala haimwangalii mtu machoni.

Tarehe nayo ina masharti. Kwa anayelipwa kwa mwezi, ambaye ameshapita mwezi wa kwanza kazini, notisi haipungui siku 28. Barua ya Fundi ilikuwa ya tarehe 2 Septemba 2024, ajira ikakoma tarehe 30: siku 28 kamili. Notisi haitolewi mtu akiwa likizo, na wala haiendi sambamba na likizo. Ile janja ya kumwambia mtu "malizia likizo yako ndani ya notisi" ili kampuni isilipe siku zile hairuhusiwi, ingawa wengi wanaifanya na kuiita utaratibu.

Hatua ya 4: Sababu, na jibu la "kwa nini mimi"

Toa sababu inayoweza kuonekana kwa macho. "Hali ngumu ya kiuchumi" haionekani. Mkataba wa vitabu ulioisha mwezi wa Machi unaonekana, na mashine iliyokuwa ikizunguka siku sita sasa inazunguka mbili, kila mtu kiwandani anaisikia ilivyo kimya.

Kisha jibu swali ambalo hatalitamka: kwa nini mimi na si fulani. Kwa kisa chetu kitengo chote cha watu watatu kilifungwa, kwa hiyo hakukuwa na kuchagua. Kama wewe unachagua baadhi, taja kigezo mlichojadili kikaoni, mathalani wa mwisho kuingia awe wa kwanza kutoka, na ueleze kilivyomwangukia yeye. Usichanganye na utendaji. Ukianza kugusia uchelewaji wa mwaka juzi umeigeuza barua kuwa ya nidhamu, na nidhamu ina taratibu zake nyingine kabisa.

Fundi aliomba kikaoni ahamishiwe mashine ya dijitali. Jibu lilikuwa hapana, na hapana hiyo niliiandika pamoja na sababu yake. Ningeiruka, angeondoka akidhani ombi lake halikusikika.

Hatua ya 5: Fedha kwa tarakimu

Heshima nyingi ya barua hii imo kwenye hesabu. Mtu asihitaji kurudi ofisini kuuliza.

Fundi alikuwa na mshahara wa msingi wa shilingi 780,000 kwa mwezi. Kwa wiki ya siku sita za kazi, mwezi unagawanywa kwa 26, kwa hiyo siku moja ni 30,000. Kiinua mgongo cha kisheria hakipungui mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa aliyefikisha miezi 12, na mwisho ni miaka 10. Siku 7 mara 30,000 ni 210,000. Mara miaka 10 ni 2,100,000. Yeye alikuwa na miaka 11 na miezi minne. Mwaka wa 11 hauhesabiwi, na hilo liseme waziwazi, kwa sababu atahesabu mwenyewe akifika nyumbani na ataona umempunja. Mwajiri anaweza kuongeza akitaka. Sheria imeweka kima cha chini. Sisi hatukuweza.

Juu yake kulikuwa na siku 12 za kazi za likizo ambayo hakuichukua, 360,000, na mshahara wa Septemba, 780,000. Jumla 3,240,000 kabla ya makato. (Walio Kenya wasichukue hesabu hii: kwao kiinua mgongo cha kupunguzwa hakipungui siku 15 kwa kila mwaka.)

Nauli ndiyo huleta manung'uniko. Sheria inamrudisha mtu mahali alipoajiriwa, haisemi kwao. Fundi kwao ni Songea lakini aliajiriwa hapahapa Dar, kwa hiyo hakuwa na nauli ya kisheria. Niliandika hivyo.

Mwisho NSSF. Lipo fao la kukosa ajira: kwa aliyechangia angalau miezi 18, ni theluthi moja hivi ya mshahara kwa miezi 6. Aliyeacha kazi mwenyewe halipati. Ndiyo maana mfanyakazi akiambiwa kwa upole "andika tu barua ya kujiuzulu, ni heshima zaidi", anapokonywa fao pamoja na kiinua mgongo. Barua yako itamke kwamba mwajiri ndiye amesitisha, kwa sababu za kiuendeshaji.

Hatua ya 6: Sasa weka methali, na uifuatishie kitu

Methali inakaa baada ya fedha. Mtu ameshajua tarehe, sababu na kiasi. Sasa anaweza kusikia. Na mara baada yake lazima ije sentensi inayotaja uhunzi wenyewe, jambo ambalo umemwona akilifanya kwa macho yako. "Wewe ni mchapakazi" haitoshi. Hii hapa barua nzima, majina yakiwa yameondolewa:

> 2 Septemba 2024
>
> Ndugu Fundi,
>
> YAH: KUKOMA KWA AJIRA YAKO TAREHE 30 SEPTEMBA 2024
>
> Ajira yako hapa kiwandani itakoma tarehe 30 Septemba 2024. Barua hii ni notisi yako ya siku 28. Tunafunga kitengo cha ofseti, na nafasi zote tatu za kitengo zinaondoka nacho. Anayesitisha ajira ni mwajiri, kwa sababu za kiuendeshaji. Haitokani na kosa lako lolote.
>
> Mkataba wa vitabu uliisha Machi na haukurudi, na mashine sasa inafanya kazi siku mbili kwa wiki. Tarehe 5 na 19 Agosti tulikaa na ninyi watatu pamoja na mwakilishi wa chama. Mlipendekeza zamu za nusu wiki. Tulipiga hesabu: zingetufikisha Desemba, kisha tungerudi hapahapa. Wewe uliomba kuhamia mashine ya dijitali. Ina mtu mmoja, na kazi iliyopo haitoshi wawili. Uamuzi wa mwisho nimeufanya mimi.
>
> Tarehe 30 Septemba utalipwa mshahara wa Septemba shilingi 780,000. Likizo ya siku 12 za kazi shilingi 360,000. Na kiinua mgongo cha miaka 10 shilingi 2,100,000. Jumla ni shilingi 3,240,000 kabla ya makato. Umetumikia miaka 11, lakini kiinua mgongo cha kisheria kinaishia miaka 10, na kiwanda hakina uwezo wa kuongeza. Kwa kuwa uliajiriwa Dar es Salaam, hakuna malipo ya nauli. Siku hiyo hiyo utapewa cheti cha utumishi na barua ya kupeleka NSSF kwa ajili ya fao la kukosa ajira.
>
> Ukiona utaratibu huu haukuwa wa haki, una siku 30 tangu ajira kukoma kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.
>
> Rola ikipasuka wewe ndiye uliyekuwa ukituambia kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Safari hii kilichovunjika ni chetu: tumeshindwa kukiweka hai kitengo. Uhunzi ni wako na unaondoka nao. Nimekuona ukisimama mlangoni, mashine ikiwa mbali, ukajua kwa sauti ya rola kwamba wino ni mzito, na ukawa sahihi. Mchapaji yeyote akinipigia simu kuuliza juu yako, nitamweleza hilo.
>
> Meneja wa uzalishaji

Angalia ahadi iliyomo. Ni moja, ndogo, na ninaweza kuitimiza. Sikuandika "mambo yakikaa sawa tutakuita", maana sikujua kama yatakaa sawa, na mtu anaweza kukataa kibarua kingine akisubiri simu yako. Ile sentensi ya siku 30 za Tume mawakili wa kampuni huomba ifutwe. Mimi huiacha. Ni haki yake hata usipoiandika, na ukiificha unaonekana una cha kuficha.

Nilifikiria pia kuweka neno la pole. Nililiacha kwa mdomo. Pole ya kuandikwa kwenye karatasi yenye mhuri inanukia msiba.

Hatua ya 7: Kumkabidhi

Mkabidhi mwenyewe, mlango umefungwa, asubuhi, siku ambayo ofisi ya mishahara ipo ili akiuliza ajibiwe. Ijumaa jioni ni ya waoga. Mwambie kwa mdomo sentensi ile ya kwanza kabla hajaifungua bahasha, kisha nyamaza asome. Kunyamaza ndiko kugumu. Mimi nilihesabu matone ya feni iliyokuwa ikivuja mafuta.

Nakala ya kubaki ofisini asaini chini ya neno "Nimepokea", isiwe "Nimekubali". Akikataa kusaini usibishane. Mwite mwakilishi wa chama ashuhudie kwamba barua imetolewa, mwandike tarehe na saa.

Fundi alisoma mpaka mwisho, akarudi kwenye hesabu, akapitisha kidole kwenye ile 210,000 akitikisa midomo. Akafika kwenye aya ya koleo, akacheka kwa pua. "Hii umeniibia," akasema. Nikamwambia ndiyo mzee, pole sana. Akasaini.

Alipofika mlangoni akageuka. "Hicho cheti cha utumishi, usiandike 'mwendesha mtambo'. Andika mashine ya Haidelbagi, rangi mbili, na uandike miaka. Wanaouliza huuliza hayo tu." Cheti kilikuwa kimeshachapwa, na kweli kilisema mwendesha mtambo. Nilikichana, nikachapa kingine.